Madoa meupe na minyoo ya matamvua bwawani: kukwangua, kutambua na kutibu kwa kufuata mzunguko wa kimelea

Samaki wanaokusanyika kwenye mlango wa maji, wanaojisugua kwenye kingo za bwawa na wanaofungua vifuniko vya matamvua kwa haraka wanaonyesha kwamba hawapati hewa ya kutosha, lakini hawaonyeshi sababu. Sababu inaweza kuwa upungufu wa oksijeni, amonia iliyozidi, ugonjwa wa madoa meupe, minyoo ya matamvua, au viwili kati ya hivyo kwa pamoja. Mfugaji anayemwaga dawa kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo anaweza kuua samaki ambao wangepona, kwa sababu dawa kadhaa zinazotumika dhidi ya vimelea hupunguza oksijeni katika maji, na samaki mwenye matamvua yaliyoharibika hana akiba ya kuvumilia upungufu huo.

Mwongozo huu unamhusu mfugaji wa sato na kambale katika mabwawa ya udongo, hasa kwenye nyanda za baridi kama Njombe, Mbeya na Iringa, au Nyeri na Kirinyaga kwa upande wa Kenya. Nimechagua maeneo hayo kwa makusudi. Kimelea cha madoa meupe hustawi katika maji ya ubaridi wa wastani, na maji yanapofikia nyuzi 30 za Selsiasi hushindwa kuendelea vizuri. Ndiyo maana mfugaji wa pwani anaweza kupita misimu mingi bila kukiona, ilhali jirani yake wa nyanda za juu hupoteza vifaranga kila ifikapo Juni hadi Agosti. Minyoo ya matamvua, kwa upande wake, hupatikana kote, penye joto na penye baridi.

Kabla ya hadubini

Jambo la kwanza ni kutazama saa. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri kisha wakatulia ifikapo saa 3 au saa 4 asubuhi, tatizo la kwanza kushughulikiwa ni oksijeni, kwa sababu mimea midogo ya majini hutumia oksijeni usiku na kuirudisha jua linapowaka. Wakiendelea kuhema mchana kutwa wakati jua ni kali na maji yana rangi ya kijani ya kawaida, basi tatizo limo zaidi ndani ya matamvua yenyewe.

Jambo la pili ni kujua kwamba kambale anaweza kumpotosha mfugaji. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa juu ya matamvua yake, kwa hiyo huweza kuishi kwa siku kadhaa na matamvua yaliyoharibika vibaya huku akipanda juu mara kwa mara kumeza hewa. Sato hana uwezo huo. Katika bwawa lililochanganya aina hizi mbili, sato huonekana mgonjwa zaidi hata pale ambapo chanzo cha ugonjwa ni kambale walioletwa wiki iliyotangulia.

Jambo la tatu ni kutoyategemea madoa. Kimelea cha madoa meupe kinaweza kujaa kwenye matamvua bila hata doa moja kuonekana kwenye ngozi, na samaki wakafa hivyo hivyo. Kwa sato, ambaye magamba yake hung'aa, madoa machache kwenye ngozi huonekana kwa shida. Kwa kambale, ambaye ngozi yake ni nyeusi na haina magamba, huonekana kama chembe za chumvi. Kutokuwapo kwa madoa, kwa hiyo, si ushahidi wa kutokuwapo kwa ugonjwa.

Maisha ya vimelea hivi viwili

Ninaomba msomaji asiruke sehemu hii, kwa kuwa ratiba yote ya matibabu inatokana nayo.

Kimelea cha madoa meupe, ambacho jina lake la kisayansi ni Ichthyophthirius multifiliis, ni kiumbe cha seli moja kilichofunikwa na vinyweleo vinavyokisaidia kusogea. Kikiwa kwenye samaki hakikai juu ya ngozi bali chini ya tabaka lake la nje, na doa jeupe tunaloliona ni kimelea pamoja na ngozi iliyovimba kukizunguka. Kikikomaa hufikia karibu milimita 1, hutoka kwenye samaki, huzama, hujishikiza kwenye udongo au majani na kujifunika kwa ganda. Ndani ya ganda hilo hugawanyika mara nyingi, na kimelea kimoja hutoa watoto wa mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu. Watoto hao huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya takribani siku 2 hufa.

Sasa tazama mahali ambapo dawa inaweza kufika. Kimelea kilicho chini ya ngozi kimekingwa na samaki mwenyewe. Kimelea kilicho ndani ya ganda kimekingwa na ganda. Anayebaki wazi ni mtoto anayeogelea, pamoja na kimelea kilichokomaa katika saa chache kati ya kumtoka samaki na kujifunika. Dawa ya siku moja, hata iwe kali kiasi gani, huua waliokuwa wazi siku hiyo tu, na kesho yake wengine hutoka. Mfugaji anayesema kwamba alitibu na dawa haikufanya kazi mara nyingi alitumia dawa inayofaa, ila aliitumia mara moja.

Kasi ya mzunguko huu hutegemea joto la maji. Katika nyuzi 25 hivi, mzunguko mzima huchukua kati ya siku 3 na 6. Katika nyuzi 15 huchukua siku 10 au zaidi. Maji yakiwa ya baridi, vimelea huongezeka polepole, lakini na matibabu lazima yaendelee kwa siku nyingi zaidi.

Minyoo ya matamvua ni wanyama wa namna nyingine kabisa. Ni minyoo bapa, wengi wao wakiwa chini ya milimita 1, wanaojishikiza kwenye matamvua kwa kulabu zilizo nyuma ya mwili na kula ute na seli za juu. Kwa sato, minyoo hawa aghalabu ni wa kundi la Cichlidogyrus. Hutaga mayai, na mayai hayo huanguka bwawani au hunaswa kwenye ute, kisha huangua watoto wanaoogelea kwenda kwa samaki mwingine. Hapa hali inageuka: mnyoo mzima yuko wazi juu ya tamvua na dawa humfikia, lakini yai lina ganda ambalo dawa nyingi hazilipenyi. Kwa hiyo matibabu ya pili hulenga watoto walioangua baada ya matibabu ya kwanza, na yanapaswa kufanyika kabla watoto hao hawajakomaa na kutaga mayai mapya.

Kwa maneno mengine, madoa meupe hutibiwa mara nyingi kwa siku zilizokaribiana, na minyoo hutibiwa mara chache kwa siku zilizoachana. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka kujua, kwa macho, ni kipi kilichomo.

Kukwangua na kukata sampuli

Vifaa vinavyohitajika ni hadubini ya kawaida yenye lenzi za 4 na 10, ambazo pamoja na lenzi ya jicho hukuza mara 40 na mara 100, vioo vya slaidi na vioo vyembamba vya kufunikia, mkasi mdogo wenye ncha kali, kibano, kisu kisichokuwa na makali sana, na chupa ya maji ya bwawa lile lile. Usitumie maji ya bomba yaliyotiwa klorini, kwa sababu huua vimelea kabla hujaviona, na kimelea kilichokufa ni kigumu kukitambua kuliko kinachotembea.

Chagua samaki walio hai wanaoonyesha dalili: wanaoogelea kivivu, waliojitenga, au waliokusanyika kwenye mlango wa maji. Samaki aliyekutwa amekufa asubuhi hafai, kwa kuwa vimelea vingi humwacha muda mfupi baada ya kufa, na badala yake huja viumbe wanaokula mizoga ambao watakupotosha. Samaki 5 au 6 wanatosha kwa bwawa dogo. Wabebe wakiwa hai katika ndoo ya maji ya bwawa na umchunguze mmoja mmoja, usiwaue wote kwa pamoja.

Anza na ngozi kabla ya matamvua. Mshike samaki kwa kitambaa chenye maji, weka ubapa wa kisu nyuma ya pezi la ubavuni, na kwangua kwa wepesi kuelekea mkiani mara moja au mbili hadi upate ute kidogo. Ute huo uweke kwenye tone la maji ya bwawa juu ya slaidi na uufunike kwa kioo chembamba. Ukikwangua kwa nguvu utapata magamba na damu, navyo vitakuzuia kuona.

Baada ya hapo muue samaki kwa pigo moja la nguvu kichwani, kisha mkate uti wa mgongo nyuma ya kichwa. Kata kifuniko cha matamvua ili tao za matamvua zionekane. Kabla ya kukata chochote zaidi, tazama rangi. Matamvua yenye afya ni mekundu na nyuzi zake zimeachana. Yaliyopauka, yenye ute mwingi, au yenye nyuzi zilizovimba na kugandana ncha, yamekuwa yakishambuliwa kwa muda.

Kwa kibano shika ncha za nyuzi chache, kisha kwa mkasi kata kipande kidogo, nyuzi 5 hadi 10 tu, bila kukata mfupa wa tao. Kosa la kawaida kabisa ni kuchukua kipande kikubwa, ambacho hubaki kinene chini ya kioo na mwanga haukipenyi. Kwa kambale, chukua nyuzi za sehemu ya chini ya tao, mbali na kile kiungo chekundu chenye matawi kilicho juu, kwa sababu kiungo hicho ni cha kupumulia hewa na hutoa damu nyingi. Weka nyuzi kwenye tone la maji ya bwawa, zitandaze kwa ncha ya kibano, funika, na utazame papo hapo. Baada ya dakika 10 hivi tone huanza kukauka na vimelea huanza kupunguza mwendo.

Unachokiona chini ya lenzi

Anza na lenzi ndogo, punguza mwanga, na upite slaidi yote kwa utaratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Utafute mwendo kabla ya kutafuta umbo.

Kimelea cha madoa meupe kilichokomaa ni kikubwa, cha mviringo, cheusi au cha kahawia, na hujiviringisha polepole mahali pamoja huku vinyweleo vyake vikimetameta pembezoni. Ndani yake mna kiini kikubwa kilichopinda mfano wa hilali. Ukikiona kiini hicho, huhitaji uthibitisho mwingine. Vilivyo vichanga ni vidogo, hukimbia haraka, na kiini chao hakionekani wazi, hivyo usikate tamaa mpaka umetazama samaki wengine. Hata kimelea kimoja cha namna hii katika sampuli zote ni sababu ya kuanza matibabu siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila kimoja kina uwezo wa kuzaa mamia.

Mnyoo wa matamvua ni mrefu, hana rangi, na hufanya mwendo wa kurefuka na kufupika huku upande mmoja ukiwa umeshika uzi wa tamvua. Kwa kukuza mara 100 utaona kulabu kubwa kwenye upande ulioshika, na madoa meusi ya macho karibu na upande wa mbele. Mnyoo mwingine anayefanana naye, Gyrodactylus, hupatikana zaidi kwenye ngozi na mapezi, hana macho, na mara nyingi mna mtoto ndani yake ambaye kulabu zake huonekana kupitia mwili wa mama. Tofauti hii ina faida kwa mfugaji: anayezaa badala ya kutaga hana yai la kujificha, na matibabu moja yaliyofanywa vizuri humpunguza sana.

Kwa minyoo, idadi ndiyo inayoamua. Sato wengi wenye afya hubeba mnyoo mmoja mmoja bila madhara yoyote. Mimi huanza kuwa na wasiwasi ninapohesabu zaidi ya 10 katika eneo moja la lenzi ndogo, au pale ambapo ni wachache zaidi lakini nyuzi zimevimba na samaki wameacha kula. Kumtibu samaki kwa ajili ya minyoo wawili ni kumsumbua bure.

Vitu vitatu hupotosha anayeanza. Povu la hewa ni duara lenye ukingo mweusi mkali, wala halisogei lenyewe. Chembe za damu za samaki ni za mviringo mrefu, ni nyingi sana na zinalingana. Na kimelea kingine kiitwacho Trichodina huonekana kama sahani ndogo yenye meno ya duara ndani yake, kikizunguka na kuteleza kwa kasi. Hicho huashiria maji machafu na msongamano, na hakina kiini cha hilali.

Mfano: bwawa la meta za ujazo 120

Tuchukue bwawa la udongo lenye urefu wa meta 15 na upana wa meta 10. Kina kimepimwa kwa fimbo mahali 9 tofauti, na wastani wake ni meta 0.8. Ujazo ni 15 × 10 × 0.8, yaani meta za ujazo 120. Kazi ya kupima kina isifanywe kwa kukisia, kwa kuwa mfugaji anayedhani bwawa lake lina wastani wa meta 1.2 atamwaga dawa mara moja na nusu ya inayotakiwa.

Ni Julai, na maji yana nyuzi 20 asubuhi. Bwawani mna sato wa gramu 40 hivi, na siku 8 zilizopita waliongezwa vifaranga wa kambale kutoka kwa mzalishaji mwingine. Sato wanahema mchana, wameacha nusu ya chakula, na wachache wamekufa. Wamekwanguliwa sato 4 na kambale 2. Kambale wote wawili wana vimelea vyenye kiini cha hilali kwenye ngozi na matamvua. Sato 3 kati ya 4 wanavyo kwenye matamvua pekee, bila doa kwenye ngozi, na kila sampuli ya sato ina minyoo 2 hadi 4.

Uamuzi ni kutibu madoa meupe kwanza na kuiacha minyoo kwa sasa, kwa sababu idadi yao haitishi na kwa sababu dawa itakayotumika itawapunguza kwa kiasi.

Dawa iliyochaguliwa ni fomalini ya asilimia 37, kwa kipimo cha mililita 15 kwa kila meta ya ujazo. Hesabu ni 15 × 120, yaani mililita 1,800. Kipimo cha mililita 25 hutumika pia, lakini katika bwawa la udongo lenye maji ya kijani nakiona ni cha hatari, kwa kuwa fomalini huua mimea ya majini na yenyewe hula oksijeni: kila miligramu 5 kwa lita huondoa takribani miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Dawa humwagwa asubuhi jua likiwa limeshapanda, siku isiyo na mawingu, samaki wakiwa hawajalishwa, na pampu au maji yanayoanguka kutoka juu yakiwa tayari kuongeza hewa usiku unaofuata. Mlango wa maji hufungwa siku hiyo. Fomalini huchanganywa kwanza katika ndoo kadhaa za maji ya bwawa na kumwagwa kuzunguka kingo zote, si mahali pamoja.

Fomalini hudhuru mapafu na macho na huhesabiwa miongoni mwa kemikali zinazosababisha saratani, kwa hiyo anayeimwaga avae glovu, miwani na kizuia mvuke wa kemikali, na asimame mahali ambapo upepo unampitia ukielekea bwawani. Chupa yenye masalia meupe chini isitumike kabisa, kwa kuwa masalia hayo ni sumu kali kwa samaki.

Kabla ya kumwaga bwawani, samaki 10 huwekwa kwenye chombo cha maji ya bwawa yenye kipimo hicho hicho na hewa ya kutosha, wakatazamwa kwa saa kadhaa. Wakilala ubavu, kuna kosa la hesabu au la dawa.

Kwa joto la nyuzi 20, matibabu yanarudiwa kila baada ya siku 3: siku ya 1, ya 4, ya 7, ya 10 na ya 13. Maji yangekuwa na nyuzi 25 au zaidi, ningerudia kila siku ya pili. Vifo vinaweza kuongezeka baada ya tibabu la kwanza, kwa sababu vimelea vinavyotoka huacha vidonda kwenye matamvua, na hali hiyo isimfanye mfugaji aongeze kipimo. Siku ya 10 kabla ya kumwaga dawa, samaki 4 hukwanguliwa. Tunatarajia kuona vimelea vichache sana au kutoviona kabisa. Hata visipoonekana, matibabu ya siku ya 10 na ya 13 hufanyika. Siku ya 16 hukwanguliwa tena, na vikikutwa, ratiba huendelea.

Pasipo fomalini, potasiamu pamanganeti inaweza kutumika kwa gramu 2 kwa meta ya ujazo, yaani gramu 240 kwa bwawa hili, kwa ratiba ile ile. Shida yake ni kwamba tope na mimea huila. Maji yanapaswa kubaki na rangi ya waridi kwa saa 8 angalau. Yakigeuka kahawia mapema, dawa imekwisha kabla ya kazi kumalizika. Njia ya kujua mapema ni kuyeyusha gramu 1 katika lita 1 ya maji safi, kisha kuweka mililita 1, 2, 3 na 4 za mchanganyiko huo katika vyombo vinne vyenye lita 1 ya maji ya bwawa kila kimoja. Baada ya dakika 15 tazama chombo chenye dawa kidogo zaidi ambacho bado kina rangi ya waridi. Kikiwa cha kwanza, gramu 2 zitatosha. Ikiwa hata cha tatu kimegeuka kahawia, bwawa lina uchafu mwingi mno kwa dawa hii, na ni afadhali kubadilisha sehemu ya maji kwanza. Fomalini na pamanganeti zisichanganywe kamwe wala kuhifadhiwa pamoja, kwa kuwa zikikutana zikiwa kali hutoa joto na mvuke wa hatari.

Mrututu nauacha kwa mwenye kifaa cha kupima alkali. Kipimo chake katika miligramu kwa lita ni alkali ya maji igawanywe kwa 100. Maji yenye alkali ya 80 hupokea 0.8, sawa na gramu 96 kwa bwawa letu. Alkali ikiwa chini ya 50, mrututu huua samaki, na maji mengi ya milimani yako chini ya hapo.

Chumvi ya kawaida ni dawa njema sana, ila kwa matangi. Kwa vifaranga katika tangi la lita 1,000, kilo 4 za chumvi zinazoongezwa kidogo kidogo kwa siku nzima na kudumishwa kwa siku 10 huzuia watoto wa kimelea wasiwafikie samaki. Bwawa letu lingehitaji kilo 480, na kwenye bwawa la udongo chumvi hiyo yote huishia kwenye ardhi na maji ya majirani. Kijani cha malakaiti, ambacho wauzaji wa samaki wa mapambo hukisifu, kisitumike kwa samaki wa chakula. Umoja wa Ulaya na Marekani hawakiruhusu kwa sababu mabaki yake hudumu kwenye nyama.

Iwapo tatizo ni minyoo

Tuseme kwamba siku ya 16 madoa meupe yamekwisha, lakini sampuli za sato sasa zina minyoo 15 katika eneo moja la lenzi. Samaki wa akiba au wazazi walio wachache hutibiwa nje ya bwawa, katika tangi lenye hewa nyingi, kwa fomalini mililita 150 kwa meta ya ujazo kwa muda usiozidi dakika 60, mtu akiwa amesimama pale pale na maji safi yakiwa tayari. Wakianza kupoteza mizani, wanatolewa hata kama ni dakika ya 20. Kwa bwawa zima, kipimo cha mililita 15 hadi 25 kinatumika kwa tahadhari zilizotajwa. Matibabu ya pili hufuata baada ya siku 5 au 6 maji yakiwa na nyuzi 26, au siku 8 hadi 10 yakiwa na nyuzi 20, na kila tibabu litanguliwe na kukwangua ili tuone kama linahitajika.

Prazikuanteli, ile ile ya kichocho, ni laini kwa samaki na kali kwa minyoo, kwa gramu 2 kwa meta ya ujazo. Kwa bwawa letu hizo ni gramu 240, sawa na vidonge 400 vya miligramu 600, na vidonge hivyo vimetengwa kwa ajili ya watu. Dawa hii itumike kwenye tangi la samaki wazazi pekee, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Haina nguvu yoyote dhidi ya madoa meupe, na hili ni kosa jingine ambalo kukwangua hulizuia.

Kabla ya kuvuna samaki waliotibiwa kwa kemikali yoyote, mfugaji amuulize ofisa uvuvi au daktari wa mifugo wa wilaya muda wa kusubiri unaotakiwa. Anayekosa hadubini anaweza kupeleka samaki walio hai, katika mfuko wa maji uliojazwa hewa, kwenye kituo cha serikali kilicho karibu, kama Kingolwira mkoani Morogoro, Ruhila huko Songea, au Sagana huko Kirinyaga. Samaki wa kwenye barafu hawatamsaidia mchunguzi.

Kambale wale walioleta ugonjwa walipaswa kukaa peke yao kwa wiki 3 katika tangi, wakakwanguliwa siku ya kufika na siku ya kuondoka. Bwawa likishavunwa, likaushwe mpaka udongo upasuke, na sehemu zinazobaki na maji zinyunyiziwe chokaa isiyozimwa kiasi cha gramu 100 hadi 200 kwa meta ya mraba. Likijazwa tena, lisiwekwe samaki kwa wiki 1, na mlango wa maji uwe na wavu wa kuzuia samaki pori, kwa kuwa kifaranga mmoja wa mtoni anayeingia wiki hiyo anatosha kuwapa watoto wa kimelea mahali pa kuishi.